Dumu la Lita Kumi

Watu wakijua una presha wanakunyang'anya kila kitu mkononi. Jembe wanachukua, ndoo wanachukua, hata mfuko wa sukari unaotoka nao dukani mtu anakufuata mbio, "lete mzee, lete." Nilichukia jambo hilo kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi nimebeba magunia Babati hii tangu ndevu hazijaniota vizuri, na nyumba yangu ya Bagara, tofali kwa tofali, imetoka kwenye bega hili la kulia. Halafu mtoto wa juzi aje anionee huruma kwa sukari! Nina hasira za karibu, sifichi, na mke wangu alikuwa anasema hizo hasira ndizo zilizonipa presha. Nilikuwa namjibu kwamba presha nimeipata kwa kuishi naye.

Kazi yetu ya ubebaji ilikuwa na sheria moja. Ukiinamia gunia vuta pumzi, ibane, funga mdomo, inuka, na usiiachie mpaka mzigo umetua kwenye lori. Tuliamini pumzi ikitoka na nguvu imetoka nayo. Kijana mgeni akihema wakati wa kuinua tulimcheka, tukamwambia arudi kwao akachunge mbuzi. Na wakati huo tulibeba lumbesa, mahindi na mbaazi zimeshindiliwa mpaka gunia limevishwa kilemba cha kamba juu. Mishipa ya shingo ilitutoka kama mizizi na sisi tukaona huo ndio uanaume.

Jambo lingine nililojulikana nalo ni kipimo. Wenye mali walikuwa wananiita, "Njoo utuambie hili lina uzito gani." Naliweka begani, natembea kidogo, natamka kilo. Ukija mzani unakubaliana nami. Mke wangu aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba nilimchumbia siku nilipomvusha kwenye tope, nikamwona hazidi gunia la mbaazi, nikasema huyu nitamweza. Si kweli hata kidogo, lakini wanawake walicheka sana na sikuwahi kukanusha.

Yeye ndiye aliyeanguka kwanza. Alikuwa anapepeta maharage uani, ungo ukamponyoka, na nilipofika mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kushoto umelala. Kiharusi. Tulikaa hospitali, tukarudi nyumbani na mgonjwa asiyeweza kusimama peke yake. Maneno yalitoka mazito na polepole, kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni, ila akili ilikuwa yote na utani wake haukupungua. Hospitali hiyo hiyo walinipima na mimi kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale benchi, wakasema mzee nawe una presha, ya juu, wakanipa vidonge. Nilimeza siku chache. Kichwa kilipoacha kuuma nikaviweka kabatini, nikasema vitanisaidia kikirudi kuuma. Kumbe presha haina habari na kichwa chako. Inapanda na wewe unacheka.

Basi nikawa namnyanyua mke wangu. Asubuhi kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda msalani, jua likipanda kumtoa nje, jioni kumrudisha. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, mwili wa mama aliyelima na kula jasho lake. Nilimnyanyua kwa njia niliyoijua. Nikapitisha mikono kwapani, nikavuta pumzi, nikaibana, nikainuka. Alikuwa anafumba macho. Baadaye aliniambia alifumba kwa sababu hakupenda kuiona sura yangu inavyogeuka.

Asubuhi moja nikiwa nimeshamtoa kitandani, nikaona giza. Masikio yakavuma, nikamwangukia tukarudi wote godoroni, mimi juu yake. Sikujua nilizimia kwa muda gani; yeye alisema haukuwa mrefu, ila ulimtosha kuniita mara nyingi bila jibu. Jirani yetu, mama mmoja anayefuga ng'ombe upande wa pili wa ua, alisikia sauti yake akaja akatukuta hivyo. Nilipofikishwa hospitali mashine ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari aliniuliza vidonge viko wapi. Nikamwambia kabatini.

Binti yetu alipanda basi kutoka Arusha siku ya pili yake. Ni mwalimu, ana nyumba ya kupanga na watoto wawili, na ana haki ya kuogopa. Alikaa katikati yetu, akasema kwa upole kwamba baba hawezi tena kumnyanyua mama, na kwamba anamchukua mama. Nilipandisha sauti. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Mke wangu alisubiri nimalize, akasema kwamba yeye hatoki. Ana kuku wake, ana wanakwaya wanaokuja Alhamisi kumwimbia mlangoni, na ana mzee wake. Akienda Arusha atakaa ghorofani aangalie ukuta mpaka afe. Binti alilia. Mwisho tukakubaliana hivi: akija likizo ya mwezi wa sita, anikute naweza kumnyanyua mama yake bila kuhatarisha mtu. Nikishindwa, mama anaenda, na mimi nisifungue mdomo.

Kwa hiyo nilikwenda mazoezini kwa ajili ya kubaki na mke wangu. Sikuwa na sababu nyingine. Nisingemwachia mtu yeyote anicheke nikisukuma ukuta kwa ajili ya afya tu.

Pale hospitali kulikuwa na dada wa mazoezi ya viungo, mdogo kuliko binti yangu, mwenye sauti ndogo na msimamo wa chuma. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamwambia mwanangu mimi nguvu ninazo, nipe dawa ya kizunguzungu tu. Akacheka, akanipima, akaniambia leo hakuna zoezi. Presha ikiwa pale ilipo hainyanyuliwi hata sufuria. Nimeze vidonge kila siku, kichwa kiume kisiume, nipunguze chumvi, nitembee taratibu asubuhi, na kumnyanyua mama niwaachie jirani na mtoto wake wa kiume mkubwa mpaka ishuke. Nilirudi nimevimba. Mke wangu akauliza nimefundishwa nini, nikasema nimefundishwa kukaa.

Ilishuka. Haikushuka kwa siku moja, ila ilishuka, na daktari aliporidhika dada yule ndipo akaniweka kwenye kiti. Kiti! Akaweka na mto juu yake ili kiwe kirefu, nisihangaike. Akasema niinuke bila kujishika, taratibu, na wakati wa kuinuka pumzi itoke mdomoni kama napuliza uji. Nikikaa, niivute puani. Nikainuka. Nikaketi. Alinitazama shingoni, akasema, "Baba, umeibana."

Nilikuwa nimeibana kweli. Mwili ulikuwa unaibana wenyewe, bila kuniuliza. Akanieleza kwa lugha ambayo hata mbebaji anaielewa: ukivuta pumzi ukaifungia ukasukuma mzigo, kifua kinakuwa kama mpira uliokazwa, na presha inaruka ghafla kwenda juu sana, halafu ukiiachia inaporomoka, na hapo ndipo giza linapokuja. Kijana mishipa yake inavumilia. Ya kwako, baba, imechoka. Mzigo uwe mdogo, na pumzi isikae ndani hata kidogo. Nilifikiria wenzangu wawili wa sokoni walioanguka na magunia mgongoni, tukasema wamerogwa.

Mpango wenyewe ulikuwa wa aibu kwa mtu kama mimi. Kwanza kutembea kidogo ili mwili upate moto. Kisha kuinuka kwenye kiti. Kusukuma ukuta, mikono kifuani, natoa pumzi ninapojitenga nao. Kushika meza na kupanda kwenye vidole vya miguu. Kuvuta kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli uliofungwa mlangoni, kama mtu anayekamua ng'ombe mkaidi. Chupa za maji mikononi. Nipumzike katikati, nimalize kwa kutembea tena polepole, nisikate ghafla. Siku moja ya nguvu, siku inayofuata kutembea tu. Nisishike kitu kwa kukaza ngumi. Nikiona kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi hairudi, niache hapo hapo nitafute hospitali, nisijifanye shujaa. Na kwa kuwa vidonge vinaweza kumfanya mtu ayumbe, nikitoka kitandani niketi kwanza ukingoni kabla ya kusimama.

Kipimo chake cha kujua kama mzigo umenizidi ndicho kilichonishangaza. Hakuwa na mashine. Alikuwa na dumu la njano la lita kumi, limejaa maji, pale kwenye pembe ya chumba. Alisema nilichukue, nilibane karibu na mwili, nilipeleke mlangoni huku namsimulia nilichokula jana. Mtu anayeongea hawezi kubana pumzi. Na maneno yakikatika njiani, mzigo bado ni mkubwa kwako. Nililiinua kwa dharau, nikasema, "Jana nimekula makande na..." Hapo maneno yakaisha. Mimi, mbeba lumbesa, nimeshindwa na maji ya kunywa. Akalichukua, akanirudisha kwenye dumu la lita tano, akasema tutafika.

Na alinifundisha kumnyanyua mke wangu, maana nilikuwa namvuta kwapani na ule mkono usiosikia ungeweza kuteguka. Tulimleta hospitali kwa bajaji. Dada akakunja kanga, akaifunga kiunoni kwa mama, iwe mahali pa kushikia. Akamsogeza ukingoni mwa kitanda, nyayo chini, mimi magoti yangu yanazuia goti lake bovu lisikunjike. Yeye ainame mbele, asukume na mkono mzima, mimi nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, tuzunguke wote hadi kwenye kiti. Si kubeba, akasema, ni kucheza mnanda. Na wakati wa kuinuka, baba aongee.

Mke wangu alifurahi sana kwa hilo la kuongea. Mimi si msemaji nyumbani. Miaka yote ya ndoa alilalamika kwamba nikirudi kutoka sokoni nakula, nalala, kama ng'ombe wa jembe. Sasa nilikuwa na amri ya hospitali ya kuongea naye kila nikimnyanyua. Mwanzoni nilihesabu tu. Akakataa kuhesabiwa, akasema yeye si debe. Ikabidi nitafute maneno. Nikamwambia nani amekufa, nani ameozesha binti, mahindi yameota vipi huko Singe kwenye shamba la ndugu yake, mlima umevaa wingu au haukuvaa. Nilipotoka matembezi yangu ya asubuhi hadi Maisaka na kurudi, nilikuwa natafuta habari njiani kama mtu wa redio, ili niwe na cha kusema nikiwa nimemshika kiuno. Nasema ukweli, katika miezi ile niliongea na mke wangu kuliko miaka yote iliyotangulia. Alikuwa mzuri wa kuongea naye. Sikuwa nimejua.

Na nguvu zikaja. Hivyo ndivyo nilivyoona. Mto niliuondoa kwenye kiti, kisha nikahamia kwenye stuli fupi. Presha ikaanza kusomeka mia na arobaini na kitu. Na mke wangu kila wiki alikuwa rahisi zaidi kuinuka. Mwezi wa kwanza wa mazoezi maneno yalikatika katikati, nikimalizia sentensi yeye ameshakaa. Mwezi wa tatu nilikuwa nasimulia habari yote ya mazishi ya mtu, na mahubiri yake, na nani alikaa wapi, kuanzia kitandani hadi nje ya mlango, bila kuhema. Nilijisikia kijana. Nilimpigia binti simu nikamwambia mwezi wa sita aje bila begi la ziada.

Mke wangu alikaa pale mlangoni asubuhi na bakuli lake la uji, mimi nikiwa kwenye matembezi. Jirani alikuwa anamwekea kila kitu karibu na mkono mzima, kisha anaenda kwa ng'ombe wake. Nikirudi bakuli halina kitu. Kuku walikuwa wamejaa miguuni pake, wamenenepa, wana manyoya ya kung'aa, mpaka nikamwambia kwa utani kwamba tukimchinja yule jogoo tutamwalika mkuu wa wilaya. Alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa ameanza kuvaa kitenge juu ya gauni na sweta juu ya kitenge, akisema baridi ya masika imemkaa mifupani.

Siku ya kurudi kliniki nilikwenda peke yangu, kifua mbele. Dada alinipima, akaridhika. Akaonyesha dumu la njano. Nikaliinua, nikaanza kumweleza nilivyompikia mama wali, na nilipofika nusu ya chumba maneno yakakatika. Yale yale. Nililitua, nikasema aaa, leo nimekuja kwa miguu nimechoka, lakini dumu si kitu, nyumbani namnyanyua mama bila hata kukohoa, mwepesi, namhamisha huku nahubiri.

Hakucheka. Alilitazama dumu, akanitazama mimi, akavuta kiti akaketi karibu nami kabisa.

"Baba, dumu hili ni lile lile, na bado linakukata pumzi. Kama nguvu zako hazijafika hapa, mama amekuwaje mwepesi?"

Bega langu lilikuwa limepima magunia ya mji mzima. Lilikuwa limemshika mke wangu asubuhi, mchana na jioni, na halikuniambia kitu, au liliniambia na mimi nikasikia ninachotaka. Nilijua jibu kabla hajamaliza swali. Nilitoka pale bila kuaga, na yule dada akafunga chumba akanifuata.

Tulimkuta mlangoni na kuku wake. Dada alimwamkia, akapiga magoti, akaomba ruhusa, akafungua sweta, kisha kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaona mabega. Mifupa ilikuwa imesimama. Nilikuwa nimemshika juu ya nguo zile zote, juu ya kanga ile iliyokunjwa, na kila siku nilikuwa naikaza zaidi nikidhani inalegea kwa kufuliwa. Bakuli la uji lilikuwa pembeni, uji umebaki kidogo chini, na jogoo yule mnene alikuwa anasubiri.

Dada akamuuliza kwa upole kama chakula kinamkwama kooni. Mke wangu alisema kidogo, mara moja moja. Akamuuliza, basi kuku wanakula nini? Mke wangu akanitazama mimi, si yeye. Uso wake uliopinda ukajaribu kutabasamu upande mmoja.

"Wewe ulipunguza chumvi," akasema. "Mimi nikapunguza mzigo."

Niliketi chini, pale pale kwenye udongo. Alieleza polepole, neno kwa neno, akipumzika. Alisema tulipoanguka kitandani siku ile, nikiwa juu yake sijibu, aliona kwamba ameniua. Akasema binti alikuwa na haki, mzigo ulikuwa mkubwa na mbebaji amezeeka, na hakuna anayeweza kumpunguza mbebaji uzee. Akawa anakula kidogo, chakula kingine anawapa kuku. Aliona ninavyofurahi, ninavyorudi na habari, ninavyoongea. Hakutaka kuniharibia. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, akasema kama angeniambia ningepandisha presha. Na kweli nilikuwa nimekasirika, nimekasirika mno, na nilikuwa nalia, na yule binti wa watu alikuwa amenishika mgongo ananiambia baba toa pumzi, toa pumzi, usiibane.

Tulimlisha. Nilikaa naye kila mlo, kijiko kwa kijiko, ameketi wima kidevu chini kama tulivyoelekezwa, maziwa, uji wa karanga, ndizi zilizopondwa. Kuku niliwafungia. Matembezi yangu nilisogeza mpaka awe ameshakula. Alikula kwa kunitii, na nadhani uzito ulianza kurudi kidogo. Nilitaka sana kuusikia unarudi, kila nikimwinua naomba awe mzito. Sijui mume mwingine aliyewahi kuomba hivyo. Lakini koo lilizidi kuwa gumu, na masika yalikuwa marefu. Homa ikaingia kifuani. Hospitali walipigana nayo. Nilimuuliza dada wa mazoezi kama ni ule uji aliowapa kuku uliomwondoa, nikamwambia asinifiche. Akasema mwili uliokonda unapigana vibaya, baba, lakini kiharusi kingeweza kumwondoa hata angekuwa mnene, na hakuna anayeweza kukuambia ni kipi. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nisingemsamehe kama angenidanganya.

Alituacha wiki mbili kabla ya likizo. Binti alikuja na begi dogo.

Siku ya mazishi wabebaji wenzangu wa zamani walikuja, wale waliobaki, wameoga wamevaa mashati meupe. Walinipa nafasi ya mbele upande wa kulia, upande wa bega langu, bila kuniuliza. Yule dada alikuwa amekuja na mashine yake mkobani. Alinivuta kando, akanipima chini ya mti wa jirani, na mashine ikasoma pabaya. Alisema, "Leo hapana, baba. Mama asingekubali." Nilitaka kumpigia kelele. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi yote ile ili nimnyanyue, na siku ya kumnyanyua mara ya mwisho naambiwa hapana na mashine. Lakini nilijua mke wangu alilipa nini ili nisianguke, na sikuwa na haki ya kuanguka bure mbele ya kaburi lake. Nikampisha mpwa wake. Nilitembea pembeni, mkono juu ya ubao, na walipoinua nilisikia wote wamebana pumzi. Mmoja wao, mzee mwenzangu, alinigeukia macho yametoka, nikajua anachotaka kusema, kwa sababu na yeye bega lake linapima. Hakusema, nami nikamshukuru moyoni.

Ni masika mengine sasa. Binti alitaka nihamie kwake, nikamwambia nina kuku. Kidonge nameza kila asubuhi. Kiti kiko mahali pake karibu na kitanda cha mke wangu, nainuka pale na kuketi, naipuliza pumzi kama napuliza uji, nasukuma ukuta, navuta ule mpira mlangoni. Mtu akiniuliza nafanya kwa ajili ya nani, naendelea kupuliza. Nimemwahidi marehemu, na mimi ahadi sivunji.

Juzi maji yalikatika kwetu, nikaenda bombani kwa jirani na dumu la lita kumi. Akasema kama wanavyosema wote, lete mzee, nikasema acha. Nilikuwa namsimulia habari ya mbaazi, bei ilivyoanguka, na yule dalali aliyewakimbia watu, na ndugu yake mke wangu alivyogoma kuuza, na nikajikuta nimefika jikoni kwangu bado naongea. Dumu lilikuwa mkononi. Maneno hayakuwa yamekatika hata mara moja. Jirani alikuwa amesimama mlangoni anasubiri nimalizie habari ya yule dalali.

Nililitua taratibu, natoa pumzi. Kitanda cha mke wangu kinaonekana kutoka pale jikoni, na kanga imekunjwa juu ya mto. Nguvu zilikuwa zimekuja kweli sasa. Nikaketi juu ya dumu, nikalia mbele ya mama wa watu, na yeye akaja akanishika bega.